Bustani ya Maua Tabora: Kupanga Rangi Zipokezane Kutoka Masika Hadi Kiangazi

Bustani isiyopangwa hujulikana mwezi wa Tano. Mvua zimekatika, zinia zilizowaka mwezi wa Pili zimebaki vijiti vya kahawia, na tuta zima linakaa hivyo hadi Novemba. Mwenye nyumba husema Tabora ni kukavu, maua hayakai. Ukavu upo kweli: kuanzia Juni hadi Septemba huwa hatupati mvua ya kuhesabika. Lakini mara nyingi kilichoua tuta lile ni kupanda vyote siku moja. Vilivyopandwa pamoja huchanua pamoja na hufa pamoja.

Nitaeleza namna ninavyopanga tuta moja la mbele ya nyumba, mita 6 kwa mita 1.5, hapa Isevya. Nimelichagua kwa sababu ukubwa wake mtu mmoja anaumudu kwa ndoo, hata Oktoba. Ukilielewa hili utaweza kupanga la kwako, la mita 3 au la mita 20.

Jambo la kushika mapema ni hili. Watu wengi hupanga rangi kwa kuangalia ua lipi limekaa jirani na lipi. Mimi naanza na wakati. Kila rangi huikuta iliyoitangulia bado ipo, na huondoka ikiwa inayofuata imeshaanza kuchanua. Katika hizo wiki tatu nne za kupishana ndipo rangi hupatana au hugombana. Kwa hiyo naanza kupanga makabidhiano, halafu ndipo napanga misimu yenyewe.

Kwanza, kwa nini tarehe iko mikononi mwako

Pakiti nyingi za mbegu madukani zimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali. Zinakwambia upande baada ya theluji kuisha, na kwamba maua yatakuja majira ya joto. Hayo yaache huko kwao. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote mwezi Desemba na fupi kuliko zote mwezi Juni ni kama nusu saa tu. Zinia na kosmosi huharakisha kuchanua mchana unapokuwa mfupi, na kwetu mchana ni mfupi mwaka mzima. Ukizipa maji huchanua mwezi wowote, kama siku 60 tangu kusia mbegu. Wiki za baridi huchelewa kidogo.

Maana yake ni kwamba kwa maua ya mbegu hungojei msimu ukuletee rangi. Unachagua siku unayotaka ua lifunguke, unahesabu siku 60 kurudi nyuma, unaandika tarehe ya kusia. Ukitaka njano iwe imesimama tarehe 20 Desemba, mbegu iingie kitaluni tarehe 20 Oktoba, hata kama mvua bado haijaonyesha dalili.

Mimea ya kudumu haikubali hesabu hiyo. Mshubiri huchanua katikati ya kiangazi utake usitake. Poinsetia hungoja usiku urefuke. Bogenvilia huchanua zaidi inapobanwa na kiu. Mimea hiyo ya kudumu ndiyo unayoiandika kwanza kwenye daftari, kwa sababu mbegu zitafuata ratiba yake.

Daftari la miezi kumi na miwili

Chukua daftari la mistari, ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Kabla ya kununua hata mbegu moja, andika vitu vyenye rangi ambavyo huwezi kuvihamisha: ukuta, geti, mabati ya paa, mti wa jirani unaoonekana juu ya uzio. Mkrismasi wa jirani ukiwa mwekundu mtupu kuanzia Novemba, huo ni sehemu ya bustani yako hata kama shina liko kwake.

Mimi niliandika hivi. Ukuta ni wa tofali za kuchoma, haujapigwa plasta. Uko upande wa magharibi wa ua, hivyo kuanzia kama saa kumi jioni tuta linaingia kivulini. Kulia, karibu na geti, kuna bogenvilia ya pinki iliyokolea inayokaribia zambarau. Watu huliangalia tuta kutoka barazani, zaidi jioni.

Mistari hiyo minne iliamua mengi. Tofali la kuchoma humeza nyekundu na chungwa: ukiwa mita 8 huoni ua, unaona ukuta. Kwa hiyo mbele ya ukuta nilihitaji pazia la kijani. Ukuta wa chokaa ungenipa shida nyingine, maana ua jeupe mbele yake halionekani. Na kwa kuwa tunakaa nje jioni, nyeupe ilipata kipaumbele. Jua la saa sita la kwetu linafifisha rangi zote nyepesi, pinki hafifu inaonekana kama kitambaa kilichochujuka. Lakini giza linapoingia, nyekundu hutangulia kupotea na nyeupe hubaki ya mwisho kuonekana.

Kuchora tuta

Chora kwenye karatasi ya hesabu, miraba minne iwe mita moja. Upande wa kushoto, mbali kabisa na geti, nilitenga mita 1.5 kwa mimea ya kiangazi: mishubiri mitatu mbele na poinsetia moja nyuma. Mita 4.5 zilizobaki nimezigawa kwa safu tatu zinazokwenda sambamba na ukuta.

Safu ya nyuma ni plambago tatu, moja kila mita 1.5. Hii ndiyo pazia la kijani. Inafika kimo cha kifua, inastahimili ukame ikishashika mizizi, na inatoa maua ya buluu hafifu kwa wingi wakati wa masika. Buluu hafifu huonekana kama iko mbali, na hilo linaufanya ukuta uonekane umerudi nyuma.

Safu ya mbele ni vinka nyeupe 15, sentimita 30 kati ya mche na mche. Vinka ni kile kiua cha petali tano ambacho wengi wanakijua kwenye makaburi na viwanja vya shule. Inachanua karibu mwaka mzima, na mbuzi haigusi kwa sababu ni chungu na ina sumu. Kwa mji ambao mbuzi huzurura kiangazi, hiyo ni sifa kubwa. Watoto wadogo pia waambiwe wasiitafune.

Katikati kuna ukanda wa sentimita 60, na huo ndio unaobadilika. Nimeugawa sehemu mbili za mita 2.25 kila moja. Sehemu A iko upande wa mishubiri, sehemu B upande wa geti. Kila moja inachukua miche kama 15. Ukanda wote ukiwa na mmea mmoja, siku ukiuondoa tuta linabaki na pengo kubwa. Ukiwa na sehemu mbili zinazobadilishwa kwa zamu, daima moja iko kwenye maua, au angalau inakaribia.

Panda rangi moja kwa mkusanyiko, miche 15 pamoja, usichanganye. Jicho likiwa mbali linahitaji bonge la rangi ili lishike. Zinia za rangi sita zilizochanganywa ni nzuri ukiziinamia, lakini kutoka barazani zinakuwa madoadoa.

Udongo, kwa kifupi

Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, maji hupita upesi na chakula huondoka nayo. Lima kina cha jembe zima, kama sentimita 30, changanya ndoo mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba kwenye ukanda wa kati. Plambago na vinka zipate ndoo moja shimoni tu. Mshubiri usipewe kitu. Inua sehemu ya vinka kwa sentimita 10 hivi juu ya usawa wa ardhi, nitaeleza sababu mbele.

Matandazo ya majani makavu yana tatizo hapa: kiangazi huita mchwa, na wakimaliza majani wanahamia kwenye shina. Mimi natumia samadi iliyochekechwa, tabaka la vidole viwili, na naliacha mbali kidogo na shina.

Mwaka unavyokwenda

Naanzia Oktoba, kwa sababu mwaka wa bustani yetu huanza kabla ya mvua.

Tarehe 20 Oktoba nasia zinia za njano kitaluni, kwenye beseni lililotobolewa chini, kivulini karibu na jiko ambako sitasahau kumwagilia. Mbegu ifunikwe na udongo wa unene usiozidi nusu sentimita. Huota kati ya siku 4 na 7. Karibu tarehe 10 Novemba miche ina majani manne hadi sita, naihamishia sehemu A jioni. Ikiwa mvua zimeshaanza, vizuri. Zikichelewa, namwagilia, siahirishi tarehe. Mche ukifika sentimita 20 nakata ncha juu ya jozi ya tatu ya majani. Inauma kuukata, lakini mche usiokatwa hutoa ua moja juu ya kijiti, uliokatwa hutoa matawi manne au zaidi. Kukata huko kunachelewesha ua la kwanza kwa kama wiki moja, kwa hiyo kama tarehe yako haina nafasi, anza wiki moja mapema.

Wakati huo sehemu B bado ina gomfrena za zambarau zilizochanua tangu Septemba. Haya ni makabidhiano ya kwanza, njano inaikuta zambarau. Ni jozi ninayoipenda kuliko zote mwaka mzima, kwa sababu rangi hizo mbili zinakabiliana kwenye duara la rangi. Kila moja inaifanya nyingine ionekane imekolea zaidi, na vinka nyeupe mbele inazituliza zisipige kelele.

Mwanzoni mwa Januari nang'oa gomfrena na kusia kosmosi za chungwa palepale kwenye sehemu B, bila kitalu. Kosmosi usiipe samadi mpya. Ikila sana inarefuka hadi mabegani, inaanguka na mvua ya kwanza ya upepo, na maua machache. Inaanza kufunguka mwishoni mwa Februari, wakati zinia za njano zinachoka. Nyuma yake plambago iko kwenye kilele. Chungwa mbele ya buluu ndiyo sura ya tuta Machi na Aprili.

Tarehe 10 Machi nasia zinia nyeupe kitaluni. Hii ndiyo tarehe ambayo watu huikosa, kwa sababu Machi bustani imejaa na hakuna anayefikiria kusia. Lakini miche hiyo ikihamia sehemu A mwanzoni mwa Aprili inapata mvua za mwisho za kushika mizizi, kisha inachanua katikati ya Mei wakati kila kitu kingine kinakauka. Ukisubiri hadi Mei ndipo usie, utakuwa unamwagilia miche midogo kwenye udongo mkavu na upepo, na maua yatakuja Julai.

Nyeupe hiyo inapokea chungwa bila ugomvi wowote, halafu Juni inakutana na nyekundu. Mshubiri unatoa mabua yake ya maua, na ndege wanaoitwa chozi wanaanza kuja asubuhi kunywa utamu wake. Poinsetia nayo inageuza majani yake ya juu kuwa mekundu. Ni majani kweli, maua yenyewe ni vile vidude vidogo vya njano katikati. Nyekundu na nyeupe mbele ya kijani cha plambago zinakaa hadi mwisho wa Julai.

Baada ya kosmosi kwisha Mei, sehemu B inapumzika. Katikati ya Juni nasia gomfrena kitaluni. Mbegu zake ni za manyoya na huchukua kama wiki mbili kuota, na kwa baridi ya asubuhi za Juni zinaweza kuzidi hapo, kwa hiyo naziloweka usiku mmoja kwanza. Katikati ya Julai zinahamia sehemu B, Septemba zinachanua, na zinaendelea kwenye joto la Oktoba ambalo maua mengi hayaliwezi. Sehemu A naiacha wazi kuanzia Agosti hadi Novemba. Naweka samadi na kuiacha. Sioni haja ya kupoteza maji kujaza kila kipande, na vinka za mbele zinaificha.

Hesabu ya maji ni hii. Kwa udongo wetu wa kichanga natoa lita 10 kwa kila mita ya mraba, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kiangazi sehemu moja ya katikati ina mita ya mraba 1.35, na safu ya vinka ni karibu hivyohivyo. Jumla ni chini ya lita 30 kila baada ya siku moja, yaani ndoo kubwa moja na nusu. Plambago nazipa ndoo moja kwa wiki, zote tatu zigawane. Mshubiri haupati hata tone.

Mahali rangi zilipogombana

Mwaka wa kwanza sikupanga mwezi wa Saba. Bogenvilia ya getini niliipogoa Aprili kama wengi wanavyofanya, ikachanua Juni, wakati uleule wa mshubiri na poinsetia. Na mishubiri wakati huo niliipanda karibu na geti, nikidhani italinda kona. Nyekundu yenye chungwa ndani yake, bega kwa bega na pinki yenye buluu ndani yake.

Bibi jirani yangu alisimama getini akaangalia kwa muda. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, halafu akasema, "Mwanangu, haya maua yako yamevaa kanga mbili zisizo pea." Alikuwa sahihi kabisa. Nyekundu ziko za aina mbili. Kuna inayoelekea njano, kama ya mshubiri, na kuna inayoelekea zambarau, kama ya bogenvilia au damu ya mzee. Kila aina inapatana na ndugu zake. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe, zote mbili zinaonekana chafu.

Kuzijua si kazi ngumu. Chuma ua moja, liweke juu ya karatasi nyeupe, pembeni yake weka chungwa lililoiva na kipande cha biringanya. Utaona mara moja ua linaelekea upande upi. Nafanya hivi kwa kila mmea mpya kabla ya kuuingiza kwenye mchoro.

Nilirekebisha kwa njia mbili. Kwanza nilihamishia mishubiri upande wa kushoto kabisa, ikawa na mita 4.5 za nyeupe na kijani kati yake na geti. Hilo peke yake lilisaidia nusu. La pili lilimaliza kazi: nilihamisha muda wa bogenvilia. Hutoa maua kwenye matawi mapya, kama wiki sita hadi nane baada ya kupogolewa. Sasa naipogoa mwishoni mwa Juni. Mwezi mmoja wa kwanza naipa ndoo mbili kwa wiki ili ichipue, kisha nakata maji kabisa. Kiu ndiyo inayoilazimisha kuacha majani na kutoa rangi. Inafunguka mwishoni mwa Agosti, mshubiri ukiwa umeshamaliza, na inaikuta gomfrena ya zambarau ambayo ni ndugu yake. Septemba na Oktoba tuta ni zambarau, pinki na nyeupe, na rangi hizo hupoza macho kwenye ule mwezi wa joto na vumbi.

Poinsetia pia ilinisumbua. Mwaka mmoja haikugeuka nyekundu hadi Agosti ikiisha, tena matawi ya upande mmoja tu. Sababu ilikuwa taa ya ulinzi niliyoifunga ukutani. Mmea huu huhesabu giza, unahitaji usiku mrefu usiokatizwa, na kwetu usiku wenyewe hauzidi sana saa kumi na mbili. Taa inayowaka hadi alfajiri inaufuta. Niligeuza taa itazame getini, na mwaka uliofuata nyekundu ilikuja kwa wakati. Ukiipogoa vaa glavu, utomvu wake mweupe unawasha, na usipogoe baada ya Februari kwa sababu utakata matawi yatakayobeba rangi.

Kupata mbegu za rangi moja

Mpango wote huu unasimama juu ya rangi moja moja, na madukani pakiti nyingi ni mchanganyiko. Hapa kuna kazi ya msimu mmoja au miwili.

Kwa vinka ni rahisi. Angalia shina la mche ukiwa bado mdogo: wenye shina la kijani tupu kwa kawaida hutoa ua jeupe, wenye wekundu kwenye shina hutoa pinki. Unaweza kuchagua kitaluni kabla ya ua hata moja. Na ukishapata mmoja mweupe safi, kata vipandikizi vya sentimita 10, viote kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kipandikizi hakibadilishi rangi.

Zinia haijifichui hadi ifunguke. Mwaka wa kwanza panda mchanganyiko kwenye kona nyingine ya ua. Maua ya njano na meupe yanapofunguka yafunge uzi, na ung'oe rangi nyingine palepale, siku hiyohiyo. Nyuki wa Tabora hawakosekani, mkoa huu ni wa asali, na wakishapita kwenye nyekundu kisha kwenye njano yako, mbegu itakayotoka imeshachanganyika. Acha maua yaliyofungwa uzi yakauke hadi kahawia kwenye shina, kisha vuna. Kizazi cha kwanza bado kitakuletea rangi za kigeni, labda miche kadhaa katika 15. Sia 25, ung'oe zisizotakiwa kila zinapofunguka. Ukiendelea hivyo kwa misimu mitatu minne, ngeni zinapungua sana. Baada ya mwaka huo wa kwanza, nyeupe na njano usizikuzie mbegu msimu mmoja sehemu moja. Ratiba niliyoeleza inazitenganisha kwa miezi, na hiyo ni faida yake nyingine.

Hifadhi mbegu kavu kwenye bahasha ya karatasi, uandike rangi na tarehe, uweke ndani ya kopo lenye mfuniko. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na mbegu huvunda.

Dalili za kuangalia

Januari na Februari, unga mweupe juu ya majani ya zinia ni ubwiri unga. Hauji kwa sababu ya mvua yenyewe, unakuja miche ikibanana na hewa isipite. Sentimita 30 ni kipimo cha chini. Ng'oa majani ya chini yaliyoshika, mwagilia chini kwenye udongo. Ikiwa zinia zimeshachanua wiki sita, usihangaike kutibu, kosmosi ziko njiani.

Vinka ikinyauka ghafla katikati ya mvua, udongo ukiwa umelowa, usiongeze maji. Mizizi imeoza. Ndiyo maana ya kuinua sehemu yake kwa sentimita 10. Ng'oa mche ule na udongo wake, na pengo lijazwe na kipandikizi mvua zikipungua.

Mmea wenye majani mengi mabichi na maua haba umeshiba samadi au maji, na hili hutokea zaidi kwa bogenvilia na kosmosi. Dawa ni kuacha kuulisha.

Ukiweka petunia kwenye vyungu vya barazani, na wengi wanapenda kwa kuwa zina zambarau nzuri, kumbuka ni jamaa wa tumbaku. Kuna ugonjwa wa virusi wa tumbaku unaohamia petunia kwa mikono tu. Mtu akitoka kuchambua tumbaku, au kusokota sigara, akagusa mche wako, baada ya wiki kadhaa utaona majani yenye mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, na ua lenye michirizi isiyo ya kawaida. Hakuna dawa. Mche uchomwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mingine. Kwa mkoa kama wetu hilo naliwaambia wageni wote wanaopenda kushikashika maua.

Maua ya zinia, kosmosi na vinka yaliyonyauka yakatwe kila baada ya siku tatu. Zinia ikishatunga mbegu inaona kazi imekwisha, na wiki zako nane za rangi zinakuwa nne. Yale ya uzi tu ndiyo uyaache.

Kama unasoma hili mahali pengine penye mvua za mara mbili kwa mwaka, tarehe zangu hazitakufaa, lakini siku 60 zinabaki zilezile. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku mvua zako zinapokatika. Na kama uko Kigoma mjini, kiangazi chenu ni kifupi kidogo kuliko chetu, kwa hiyo zinia nyeupe za Machi zinaweza kungoja hadi siku za mwisho za mwezi huo.